Kukagua wastani wa mwendokasi: 75 au 72?

*"Wakuu, nasahihisha madaftari. Swali: gari lilikwenda mji wa pili kwa mwendokasi wa kilomita 90 kwa saa, likarudi kwa njia ile ile kwa kilomita 60 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendokasi kwa safari nzima. Karibu darasa zima wameandika 75, kitabu kinasema 72. Nawaonyeshaje kwamba 75 si sahihi, na nitalitambuaje kosa hili kwenye maswali mengine?"*

Mwalimu mwenzangu, kitabu kiko sawa. Nimesahihisha maswali ya aina hii kwa miaka mingi, na ninachokushauri ni kwamba usianze na kanuni. Ukimwambia mwanafunzi "umbali wote gawanya kwa muda wote", atakubali kwa kichwa, na kesho akiona namba mbili za mwendokasi atazijumlisha tena na kugawa kwa mbili. Mwache kwanza ajionee mwenyewe jibu lake likigoma.

Swali halikutoa umbali, kwa hiyo chagueni umbali unaogawanyika vizuri kwa 90 na kwa 60. Mimi huchukua kilomita 180. Kwenda ni 180 ÷ 90, saa 2. Kurudi ni 180 ÷ 60, saa 3. Safari nzima imekula saa 5 na gari limetembea kilomita 360. Sasa mwambie mwenye 75: "Gari lako likienda kilomita 75 kila saa kwa saa hizo 5, litafika wapi?" Atapiga 75 × 5 apate 375. Barabara ina kilomita 360 tu kwenda na kurudi. Kilomita 15 zimetoka wapi? Hapo darasa hunyamaza, kisha mtu mmoja atajaribu 72 × 5 na kupata 360 kamili.

Huo ndio ukaguzi wenyewe, na unafaa kwa swali lolote la aina hii: wastani ukizidishwa kwa muda wote lazima urudishe umbali wote. Usiporudisha, jibu si sahihi.

Lakini kuna mtego ambao nimeuona mara nyingi, hata kwa wanafunzi wazuri. Mtoto anaambiwa akague jibu, anachukua 360 anagawa kwa 75, anapata saa 4.8, halafu anazidisha 75 × 4.8, inatoka 360, anaweka tiki. Hajakagua kitu. Muda huo ameutoa kwenye jibu lile lile analolikagua, kwa hiyo lazima ukubaliane nalo. Muda wa kukagulia unatoka kwenye vipande vya safari, kila kipande na mwendokasi wake, kabla jibu halijaguswa. Vipande vinasema saa 5. Jibu la 75 linadai saa 4.8, yaani saa 4 na dakika 48, pungufu kwa dakika 12. (Na wako watakaoisoma 4.8 kuwa saa 4 na dakika 8. Hilo ni kosa jingine, lisahihishe peke yake ili lisichanganyike na hili.)

Mwanafunzi atauliza, kama ilivyo haki yake, mbona umechagua 180? Rudia kwa kilomita 90. Kwenda saa 1, kurudi saa 1 na nusu, jumla saa 2 na nusu kwa kilomita 180, na 180 ÷ 2.5 ni 72 ile ile. Umbali wowote utatoa 72, mradi kwenda na kurudi ni sawa.

Sababu ya kosa wengi hawaielezi vizuri. 90 na 60 hazikufanya kazi kwa muda ulio sawa. Gari lilikaa saa 2 tu kwenye 90 na saa 3 kwenye 60, kwa hiyo ule mwendo wa polepole umehesabika saa nyingi zaidi na kuuvuta wastani chini ya 75. Kujumlisha na kugawa kwa mbili ni kuzipa namba zote mbili saa sawa. Kwa hiyo ukiona swali lina umbali sawa na mwendokasi tofauti, jibu sahihi lazima liwe chini ya nusu ya jumla. Aliyeandika nusu ya jumla yenyewe unamjua hata kabla hujasoma hatua zake.

Usije ukaligeuza hili kuwa sheria kwamba kugawa kwa mbili ni kosa siku zote. Gari likienda saa 2 kwa 90 na saa 2 kwa 60, litapita kilomita 180 na 120, jumla 300 kwa saa 4, na wastani ni 75 kweli. Likienda saa 3 kwa 90 na saa 1 kwa 60, ni kilomita 270 na 60, jumla 330 kwa saa 4, na wastani unapanda hadi 82.5. Kwa hiyo mwanafunzi asome swali akitafuta jambo moja: kilicho sawa ni muda, ni umbali, au hakuna kilicho sawa? Muda ukiwa sawa, njia ya mkato inaruhusiwa. Vinginevyo, jedwali la umbali, mwendokasi na muda lijazwe lote, mstari mmoja kwa kila kipande.

Jihadhari pia na swali lenye mapumziko. Gari letu la kilomita 180 likipumzika saa 1 kabla ya kurudi, na swali likataka wastani wa safari nzima pamoja na mapumziko, muda ni saa 6 na wastani ni 60. Mapumziko yakirefuka zaidi, wastani unashuka chini ya mwendokasi mdogo kabisa wa safari. Kwa hiyo ule ukaguzi wa haraka, kwamba wastani lazima uzidi mwendokasi mdogo na usifikie ule mkubwa, unafaa tu pale ambapo gari halikusimama.

Kinachonisumbua zaidi ni maswali yanayoficha kosa. Mtunzi akiweka 50 na 60, nusu ya jumla ni 55 na jibu sahihi ni 54.5 na ushee. Akiagiza "kadiria kwa namba kamili iliyo karibu", zote mbili zinakuwa 55, na mwenye njia mbovu anapata alama zote. Kwenye mtihani wako tumia namba zilizoachana mbali. Kwa 100 na 20 nusu ya jumla ni 60, wakati wastani halisi wa kwenda na kurudi ni 33.3 hivi. Hapo hakuna pa kujificha.

Na kama unataka swali moja la kumtambua aliyeelewa, wape hili: gari limekwenda kilomita 180 kwa 60 kwa saa. Lirudi kwa mwendokasi gani ili wastani wa kwenda na kurudi uwe 120? Anayegawa kwa mbili atajibu 180 bila kusita, maana nusu ya jumla ya 60 na 180 ni 120. Aliyezoea kuhesabu muda ataona kwamba kilomita 360 kwa 120 zinahitaji saa 3, na saa hizo 3 zimekwisha zote wakati wa kwenda. Hakuna mwendokasi utakaofaa. Anayeandika "haiwezekani" na kuonyesha zile saa 3, mpe alama zote.