Kutoka majabali ya Tabora hadi chini ya Ziwa Tanganyika: maswali yenu ya miamba

Mwalimu, Tabora hakuna volkano. Mbona majabali yetu yanaitwa mwamba wa moto?

Kwa sababu magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka, haikufika juu. Iliganda chini sana ardhini, ikapoa polepole mno, na fuwele zikapata muda wa kukua. Okota kipande cha graniti kilichovunjika karibuni ukigeuzegeuze juani. Punje za kijivu zinazong'aa kama kioo ni kwazi, nyeupe au za waridi ni feldispa, na vigamba vyeusi ni ulanga. Zimeshikamana bila kuacha upenyo. Graniti hiyo ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tunaiona leo kwa kuwa ardhi iliyoifunika imekwisha kumomonyoka.

Jiwe gumu hivyo linakuwaje mwamba mashapo?

Anayeshindwa kwanza ni feldispa. Maji ya mvua huwa na kaboni dayoksaidi, hivyo yana asidi kidogo, na asidi hiyo huigeuza feldispa taratibu kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwazi haiozi, ila ikikosa wa kuishika hudondoka. Ndio ule mchanga mnaoukuta chini ya majabali mvua ikikatika.

Mto Ugalla huuchukua na kuupeleka Malagarasi, nao Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kigoma. Si punje zote zinazofika. Nyingi hukwama kwenye mabwawa ya njiani. Zinazofika hufunikwa na nyingine, tabaka juu ya tabaka, na chini ya ziwa mashapo yana unene wa kilomita kadhaa. Uzito hukamua maji, na madini yaliyoyeyuka humo huganda kati ya punje kama saruji. Hapo mchanga umekuwa jiwe.

Mwamba geu nao unahitaji joto. Una tofauti gani na mwamba wa moto?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza alama. Mwamba geu hauyeyuki. Hubadilika ukiwa bado mgumu, kwa joto na mgandamizo. Jiwe la mchanga likizama kina kirefu, punje zake huungana upya na kuwa kwazaiti. Yapige yote mawili nyundo: jiwe la mchanga la kawaida huachia pembeni mwa punje, na ukilisugua hutoa mchanga; kwazaiti hupasuka ikizikata punje katikati.

Miamba ikiyeyuka, tumerudi kwenye magma. Miamba iliyotokana na tope, ikiwa na maji, inaweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi. Kwazaiti safi huhitaji joto kubwa zaidi, kwa hiyo mara nyingi hubaki vilevile.

Lazima mzunguko wa miamba ufuate duara lile la daftarini?

Hapana, na ningependa mchore mishale ya kukatiza katikati. Graniti ikigandamizwa chini huwa naisi, aina ya mwamba geu, bila kupitia mchanga. Mwamba mashapo ukiinuliwa kabla ya kuzama sana humomonyoka tena. Wa Kigoma mnalo jambo hilo mlangoni: kwenye miamba ya kale ya mchanga na kwazaiti kando ya ziwa, mawimbi yanabomoa punje zilizokwisha kuwa mchanga zamani, na kuzifanya mchanga mara ya pili.