"Ufanisi dhaifu": kilicho dhaifu ni kipi?

"Shikamoo Mwalimu. Niko Dodoma, naandika tasnifu ya fedha. Nimeandika 'soko la hisa lina ufanisi dhaifu' na msimamizi ameizungushia wino mwekundu. Nimekosea wapi? Na 'uchunguzi wa tukio' unapima ufanisi upi?"

Marahaba. Sarufi haina kosa, maana ndiyo imepotoka. Mfanyabiashara wa soko la Majengo akisoma maneno hayo ataelewa kwamba soko linafanya kazi vibaya. Mwanauchumi Eugene Fama, alipozieleza ngazi tatu za ufanisi, yaani madai matatu kuhusu habari ambazo bei imekwisha kuzibeba, katika makala yake ya 1970, hakumaanisha hivyo. Udhaifu ni wa dai, si wa soko. Dai la kwanza ni la kiasi tu: bei ya leo imekwisha kubeba yote yaliyomo katika bei za nyuma, kwa hiyo kuchora grafu za jana hakukupi faida ya ziada. La pili linaongeza kila habari iliyo hadharani. La tatu linaongeza hata siri za wakurugenzi. Andika "ufanisi wa ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu", na msomaji hatapotea.

"Tukio" nalo linapotosha. Uchunguzi huu hupima jinsi bei ya hisa inavyoitikia habari mpya, na siku inayopimwa ni ile soko lilipopata habari, hata kama jambo lenyewe lilitokea zamani. Mimi napendelea "uchunguzi wa tangazo".

Tuseme hisa inauzwa shilingi 1,000. Kampuni inatangaza gawio kubwa kuliko watu walivyotarajia, na siku hiyohiyo bei inafika 1,060, yaani imepanda asilimia 6. Soko zima limepanda asilimia 1, na hisa hii kwa kawaida huenda sambamba na soko. Ziada ni asilimia 5. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba soko lina ufanisi. Bado! Ngazi ya pili inapimwa na siku zinazofuata. Ziada mpya zikiwa karibu na sifuri, habari imemezwa mara moja. Zikiendelea kujikusanya siku baada ya siku, katika matangazo ya kampuni nyingi, basi aliyenunua kesho yake anavuna kwa habari ambayo kila mtu anayo, na dai la pili linayumba.

Ile asilimia 5 yenyewe inapinga ngazi ya tatu: wakurugenzi walijua kabla, lakini bei haikujua.

Usiandike "nimethibitisha". Ziada hutokana na makisio yako ya mwenendo wa kawaida wa hisa. Makisio yakikosea, ziada nayo imekosea, na jaribio halikwambii lipi limeharibika, soko au makisio. Tena hisa ikikaa siku 3 bila kuuzwa, bei ya zamani hubaki kwenye rekodi, kisha inaruka. Utadhani soko limechelewa kuelewa, kumbe hakuna aliyefanya biashara. Kagua siku zisizo na mauzo kwanza, kisha andika: "Kwa kipimo tulichotumia, matokeo hayapingani na ufanisi wa ngazi ya pili."