Goti la mkimbiaji: ondoa mteremko kabla hujaacha kukimbia

Maumivu haya yana tabia yake. Hukaa kuizunguka pia ya goti au nyuma ya pia hiyo, na mtu akikuuliza yako wapi hasa, unazungusha kiganja juu ya goti lote, huwezi kuonyesha kwa kidole kimoja. Hujitokeza ukishuka ngazi, ukichuchumaa, au ukiinuka baada ya safari ndefu ya basi. Mimi yamenipata, na katika kikundi chetu cha mbio hapa Moshi nimeyaona kwa wenzangu wengi, hasa msimu wa kujiandaa na Kilimanjaro Marathon, watu wanapoanza kufanya mazoezi kwenye barabara ya Mweka.

Barabara ile inapanda kwelikweli, na wengi hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kwa pia ya goti, kazi kubwa iko kwenye kushuka. Goti linapokunjwa likiwa limebeba uzito, misuli ya mbele ya paja huivuta pia ya goti na kuikandamiza kwenye mfupa wa paja, na kadiri goti linavyozidi kukunjwa, mkandamizo nao huzidi. Ukishuka mlima, misuli hiyo ndiyo breki yako kila unapokanyaga. Goti lililozoeshwa polepole huihimili kazi hiyo. Lililoongezewa umbali na mteremko kwa pamoja huanza kuuma, na mara nyingi bila chochote kuchanika.

Mwenzetu mmoja, mwalimu, alikuwa akikimbia kilomita 20 kwa wiki kwenye tambarare. Ndani ya wiki tatu akafika 35, na Jumapili akawa anashuka Mweka. Goti likaanza kumuuma kwenye ngazi za shule. Hatukumsimamisha. Tulimshusha hadi kilomita 16 kwa wiki, akizigawa mara nne za kilomita nne nne, zote tambarare. Mbio fupi za mara kwa mara goti huzipokea vizuri kuliko mbio moja ndefu.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Yapime maumivu kuanzia 0 hadi 10. Ukiwa unakimbia, 2 yanavumilika. Yakipita hapo, tembea. Kesho yake asubuhi shuka ngazi zilezile unazozishuka kila siku. Kama goti liko kama jana, rudia au ongeza kidogo. Kama limezidi kuuma, jana ulizidisha, kwa hiyo punguza mbio inayofuata. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wasimeze dawa ya maumivu kabla ya kukimbia: inakinyamazisha kipimo hicho, na goti linaendelea kupokea mzigo usioujua.

Badiliko la pili ni urefu wa hatua. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa nne. Mwalimu alipata 39, yaani hatua 156 kwa dakika. Tukamwomba afike 42 kwa mwendo uleule, yaani 168. Hatua zikifupika, mguu hutua karibu na mwili na goti halikunjwi sana likiwa limebeba uzito, hivyo mkandamizo unapungua. Ongezeko la asilimia 5 hadi 10 linatosha. Mwanzoni ifanye kwa dakika moja moja, kwa sababu vigimbi vya miguu vitachoka. Ukilazimisha mbio nzima, maumivu yanaweza kuhamia huko.

Halafu nguvu. Kila baada ya siku moja, simama kwenye ngazi ya chini kwa mguu mmoja, uteremshe kisigino cha mguu mwingine polepole hadi kiguse sakafu, kisha urudi juu. Angalia goti lisielekee ndani. Fanya mara 10, seti tatu kila mguu. Ukiona linauma kupita 2, tumia ngazi fupi zaidi. Ongeza zoezi la nyonga: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Nguvu huchukua wiki sita hadi 12 kujengeka, na hapa ndipo wengi huacha, kwa kuwa maumivu hupungua kabla misuli haijaimarika.

Katika kurudi, ongeza kitu kimoja kwa wakati: kwanza umbali kwenye tambarare, kisha kupanda, kisha kasi, na mteremko mwisho. Mwalimu alipoanza tena Mweka alikuwa akipanda kwa kukimbia na kushuka kwa kutembea, halafu akawa anakimbia vipande vifupi vya kushuka.

Goti likivimba, likikwama, likilegea ghafla ukiwa unatembea, au kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, ushauri huu si wako, mwone daktari. Maumivu ya upande wa nje wa goti, au kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti, nayo ni tatizo jingine, na mtaalamu wa fiziotherapia atakupangia mazoezi tofauti.