Madoa ya uso baada ya kujifungua, kwa mama anayelala vipande vipande

Wakati wa mimba nilitokwa na madoa ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Nikaambiwa nikishajifungua yatapotea. Wiki ya sita yalikuwa yamekolea, ngozi imekauka hadi inabanduka puani, na kidevuni chunusi zimeota. Nikaanza kusugua uso kwa skrabu ya chembechembe asubuhi na jioni. Ndilo kosa lililonigharimu zaidi, kwa sababu ngozi inayowaka huzalisha rangi zaidi. Doa linazidi kuwa jeusi.

Homoni za mimba ndizo huamsha seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Baada ya kujifungua homoni hizo hushuka ghafla, ngozi inakauka, lakini seli zile hubaki nyepesi kuamka, na mwanga ndio unaoziamsha. Shavu langu la kushoto lilikuwa jeusi kuliko la kulia. Nilichelewa kung'amua kwamba kiti changu cha kunyonyeshea kilikuwa kando ya dirisha, upande huo huo. Kioo hakizuii mwanga wote unaochochea madoa. Nilihamisha kiti.

Kisha nikaacha kufuata saa, nikafuata mtoto. Vitu vyangu vyote viliingia kwenye kikapu kando ya kiti. Baada ya kunyonyesha mara ya kwanza kukishapambazuka: maji matupu usoni, losheni, halafu krimu ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili inayojaza vidole viwili kwa uso na shingo. Chagua yenye rangi ya ngozi, kwa kuwa oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga unaoonekana, ambao krimu nyeupe huupitisha. Jioni, kabla usingizi haujakuteka, nawa mara moja kwa sabuni laini ya uso, upake losheni uso ungali na unyevu. Usiku wa manane usipake chochote. Ya jioni ikikupita, lala tu mama, ila ya asubuhi usiiache.

Ukavu ulipotulia, baada ya wiki mbili hivi, niliongeza krimu ya asidi ya azelaiki, usiku mmoja naruka mmoja. Inasaidia chunusi na madoa pia, na kwa anayenyonyesha haina shida. Huwasha kidogo mwanzoni. Nawa mikono kabla ya kumshika mtoto, na usimlaze shavu juu ya krimu. Hidrokwinoni na krimu za jamii ya retinoli ziache hadi umalize kunyonyesha. Krimu za kung'arisha zisizoandikwa kilichomo usizisogelee kabisa, kwani nyingine zina zebaki.

Ukavu ukija pamoja na uchovu usio wa kawaida na kuhisi baridi kila mara, mwombe daktari apime tezi ya shingo, maana huweza kuyumba baada ya uzazi.

Nilijipiga picha kila mwezi, mahali pale pale. Miezi miwili ya kwanza sikuona tofauti. Mwezi wa nane, juu ya mdomo palikuwa safi, na shavu la kushoto limebaki na kivuli chepesi.