Oda ya koti iko mfukoni na ploti bado yauzwa

Wiki hii karibu maswali yote ni ya ploti zenye kesi, kwa hivyo nayajibu pamoja. Nazungumzia sheria ya Kenya.

"Nilinunua ploti Mtwapa kwa milioni 2.4, nikalipa milioni 1.8, muuzaji akanigeuka. Nikashtaki, koti ikatoa oda asiuze. Juzi nimemkuta pale na mnunuzi mwingine na savea. Hiyo oda ina kazi gani basi?"

Pole sana mama. Ngoja nikuulize: hiyo oda ulishaipeleka kwa msajili wa ardhi, ama iko kwa wakili na kopi nyingine kwa muuzaji? Manake wengi wakipata oda huwa wanapumua wanaenda nyumbani, na hapo ndo mambo huharibika.

Kuna mazuio mawili na watu huyachanganya. Injankisheni, ile ya Oda ya 40 kwenye kanuni za kesi za madai, inamfunga mtu: fulani usiuze, usijenge, usibomoe. Lakini msajili akiletewa transfa imejazwa sawa na stempu zimelipwa, yeye anaangalia rejista yake, na kama kwenye rejista hakuna kitu ataisajili tu, atajuaje kama nyinyi mna kesi? Zuio la pili ni inhibisheni, kifungu cha 68 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Hii inafunga rejista yenyewe. Koti inaagiza kwamba ploti namba fulani isisajiliwe chochote mpaka tarehe fulani, au mpaka jambo fulani litokee, au mpaka itoe oda nyingine. Na sheria yenyewe inasema haina nguvu juu ya ardhi mpaka isajiliwe. Kama haijaandikwa kwa rejista bado ni karatasi.

Kwa hali yako basi, mwambie wakili arudi kotini kwa kesi hiyohiyo na ombi la dharura akiomba inhibisheni, na hati ya kiapo yako ieleze uliyoyaona juzi: tarehe, saa, savea alikuja na nani, piga picha kama waweza. Ungeomba zote mbili tangu mwanzo ingekuwa rahisi zaidi, manake inhibisheni haimzuii muuzaji kumwaga kokoto na kuanza msingi, na injankisheni haimzuii msajili. Tena hamna haja kukimbilia Koti ya Ardhi na Mazingira kule Malindi kwa ploti ya milioni 2.4, hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi aweza kuitoa.

Oda ikitoka soma namba ya ploti pole pole, tarakimu kwa tarakimu. Tuseme ploti ni 1472 na karani kapiga 1427, msajili hana pa kuiandika, au mbaya zaidi anaifunga ploti ya jirani ambaye hata hakujui. Ikiwa sawa ipigwe muhuri wa koti, ipelekwe rejistri inayoshika faili ya ploti hiyo, ulipie usajili, na siku mbili tatu baadaye ufanye sachi mpya. Usiridhike na "tumepokea". Sachi ikirudi na inhibisheni imeandikwa, hapo sasa muuzaji anaweza kuleta wanunuzi kumi na transfa haitapita hata moja.

Kuna kitu kimoja hata hiyo haizuii. Bado anaweza kuandika agrimenti na mtu na kumla dipoziti. Lakini huyo atabaki kudai pesa yake kwa muuzaji, ploti haitaenda kwa jina lake.

"Si niweke kosheni tu kwa msajili, bei rahisi na hakuna wakili. Koti ya nini?"

Weka, hata leo, usingoje kesi. Kosheni unaiweka mwenyewe ukieleza haki gani unadai kwenye ploti, na ikishasajiliwa inazuia transfa. Ila mwenye taito akilalamika, msajili anaweza kukutumia notisi kwamba itaondolewa, na usipopinga ndani ya muda uliopewa inatoka. Watu wengi notisi hiyo inawapita kwa sababu waliandika sanduku la posta la zamani. Inhibisheni ni oda ya koti, mwenye taito hawezi kwenda dirishani kuomba itolewe, sharti arudi kotini. Mimi huona kosheni kama kofuli ya muda wakati unatafuta wakili.

"Koti huangalia nini? Mimi sina taito, nina agrimenti na risiti za benki."

Kwa injankisheni majaji wanatumia bado kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973: kesi yako ina msingi, utaumia kwa namna ambayo pesa haiwezi kufidia, na kama koti ina shaka inapima nani ataumia zaidi. Kwa inhibisheni wanaangalia kama kweli ploti iko hatarini kuuzwa, kama ikiuzwa kesi yako itabaki ganda tupu, na kama una hoja ya kusikizwa. Agrimenti na risiti zinatosha kuanzia, taito si lazima iwe yako. Pale watu wanapoanguka ni kwenye hatari. "Naogopa atauza" haitoshi, leta tangazo la mauzo, meseji za broka, beakoni mpya, chochote. Na usifiche kitu, hasa ukiomba bila upande wa pili kuwepo. Kama bado unadaiwa laki 6 sema, maana koti ikigundua baadaye inaitupa oda yote.

"Oda yangu ilitoka mwaka jana, bado ina nguvu?"

Inategemea ni ipi. Injankisheni iliyotolewa upande wa pili haujaitwa hudumu siku 14 tu, na inaweza kuongezwa mara moja tu kwa siku nyingine zisizozidi 14. Tena ni lazima umpe mwenzako oda, ombi na karatasi za kesi ndani ya siku 3, ukikosa imekufa yenyewe, hakuna wa kukuambia. Ile iliyotolewa baada ya pande zote kusikizwa inaisha ikipita miezi 12 tangu itolewe na kesi haijaamuliwa, isipokuwa koti iseme vingine kwa sababu ya kutosha, kwa hivyo ikifikisha miezi kumi hivi anza kumsumbua wakili. Inhibisheni inafuata maneno yaliyo kwenye oda, isome.

"Akiuza licha ya oda?"

Aliyefungwa na injankisheni akaikaidi anaweza kufungwa jela hadi miezi 6 au mali yake kushikwa, ila lazima uonyeshe oda aliijua.

"Mimi ndo mnunuzi. Sachi ilikuwa safi, nimelipa dipoziti, sasa naambiwa kuna kesi."

Simamisha malipo, leo. Sachi ya mwezi jana si ya leo, na kesi inaweza kuwa kotini bila rejista kujua. Koti zetu bado zinashika ile kanuni ya zamani kwamba anayenunua katikati ya kesi anafungwa na hukumu yake, hata kama hakuwa sehemu ya kesi. Uliza namba ya kesi, wakili wako alitazame faili, na kama bado unaitaka ploti omba uunganishwe kwenye kesi badala ya kungoja nje.