Kwa nini DLSS ya Performance inatia ukungu kwenye kioo cha 1920x1080

Swali: Habari za kazi, fundi. Niko Jinja, nina laptopu yenye RTX 3050 na kioo cha 1920x1080. Gemu langu la magari bila DLSS linanipa fremu 45 kwa sekunde. Nikiweka DLSS kwenye Performance zinafika 88, lakini picha inakuwa kama ina ukungu, na nikikimbia kando ya uzio wa seng'enge nyaya zinaacha mkia. Kuna jamaa YouTube anatumia hiyo hiyo Performance na picha yake ni safi kabisa. Kadi yangu ni mbovu, au niliuziwa kitu feki?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kadi yako ni nzima. DLSS ni teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha, na kadi isiyo ya RTX isingekuonyesha DLSS kabisa, wala fremu zisingepanda karibu mara mbili. Kinachokuchanganya ni neno Performance. Watu hulichukulia kama daraja la ubora, kumbe ni uwiano. Linaiambia kadi ichore nusu ya upana na nusu ya urefu wa kioo, kisha picha ikuzwe hadi ijaze kioo.

Kwako wewe nusu hizo ni 960x540, yaani pikseli 518,400, wakati kioo chako kinadai 2,073,600. Ni robo tu. Wengi wanaorekodi majaribio ya kadi hutumia kioo cha 4K, ambacho ni 3840x2160, na huko Performance huchora 1920x1080 kabla ya kukuza. Ikiwa huyo jamaa ni mmoja wao, basi yeye anaanzia pale ambapo wewe unatamani kufika. Neno ni moja, lakini mtaji ni tofauti kabisa.

Sasa zile robo tatu zilizobaki zinatoka wapi? Hapo ndipo ukungu na mkia vinapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Chukua ua wa matete, kama zile nyua za zamani za Buganda. Ukisimama upande wa nje ukachungulia bila kutikisika, unaona vipande vyembamba tu vya yaliyomo ndani. Lakini ukisogeza kichwa upana wa kidole, kisha tena kidogo, kila mara unapata vipande vipya, na baada ya muda akilini mwako una uwanja mzima. DLSS hufanya hivyo hivyo. Katika kila fremu, gemu husogeza kamera kwa sehemu ndogo ya pikseli, mwendo ambao jicho lako haliuoni. Kila fremu inaleta sampuli kutoka mahali tofauti kidogo, na mtandao wa neva ulio ndani ya DLSS unaziunganisha na kumbukumbu ya fremu zilizopita. Kwa hiyo maelezo mengi ya zile robo tatu hayabuniwi. Yalichorwa kweli, ila katika fremu zilizotangulia. Toleo la kwanza la 2019 halikufanya kazi hivi, na picha zake zilikuwa hafifu. Njia hii ya kukusanya fremu ilikuja na DLSS 2.0 mwaka 2020, na mpaka leo wapo wanaoisema vibaya kwa sababu ya lile la kwanza.

Mzunguko huo wa kusogeza kamera una urefu wake. Mwongozo wa NVIDIA kwa watengenezaji wa gemu unaanza na hatua 8 na kuzizidisha kwa idadi ya pikseli za kioo kwa kila pikseli moja inayochorwa. Kwa Quality, mpangilio mwingine wa DLSS ambao huchora theluthi mbili za kila upande, unapata hatua 18. Kwa Performance ni hatua 32. Ukiwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, hatua 32 ni zaidi ya nusu sekunde. Hii ndiyo sababu picha iliyosimama hudanganya: egesha gari, subiri kidogo, na seng'enge itasomeka vizuri hata kwenye Performance, maana ile kumbukumbu imejaa. Ondoka kwa kasi uone inavyochakaa.

Turudi kwenye ua wetu. Tuseme kuku anakimbia uani wakati wewe unasogeza kichwa. Usipojua kwamba amehama, utamweka mahali pawili: pale ulipomwona mwanzo na pale alipo sasa. Ili hilo lisitokee, gemu huipa DLSS vekta za mwendo, yaani taarifa kwamba pikseli hii, fremu iliyopita, ilikuwa pale. DLSS huzitumia kuihamisha kumbukumbu kabla ya kuichanganya na fremu mpya. Uzio wako wa seng'enge ni mtihani mgumu kwake. Ukiwa na 960x540, waya wa mbali ni mwembamba kuliko pikseli moja, hivyo katika fremu hii unaonekana na katika inayofuata umepotea. Nyuma yake kuna nyasi zinazokwenda kwa kasi nyingine. Pikseli moja hubeba waya na nyasi kwa pamoja, lakini vekta ni moja tu. DLSS ikiamini kumbukumbu mno, waya unaacha mkia. Ikiitupa mapema, waya unamemeta na kukatikakatika. Na pale gari linapopita na kufunua ukuta uliokuwa nyuma yake, hakuna kumbukumbu yoyote ya ukuta huo. Kwa fremu chache unaangalia 540 tupu iliyokuzwa. Ukungu wako mwingi uko kwenye kingo hizo za vitu vinavyosogea.

Quality inaanzia 1280x720, yaani pikseli 921,600, asilimia 44 ya kioo chako. Kila fremu huja na sampuli nyingi zaidi, na mzunguko huisha mapema. Mimi kwenye kioo cha 1920x1080 sishuki chini ya hapo, na hesabu ya muda ndiyo inayonipa msimamo huo.

Usihesabu fremu, hesabu milisekunde. Fremu 45 kwa sekunde maana yake kila fremu inachukua milisekunde 22.2. Fremu 88 ni milisekunde 11.4. Umeokoa 10.8. DLSS yenyewe nayo inakula muda kwenye kadi, na kwa kadi kama yako nitakadiria milisekunde 1. Kwa hiyo kazi ya kuchora pikseli imepungua kwa 11.8, na hizo ni robo tatu za kazi ya pikseli, kwa kuwa Performance imeacha robo moja. Kazi yote ya pikseli ilikuwa basi kama 15.7. Zile 6.5 zinazobaki hazijali ukubwa wa picha: vivuli, maumbo ya vitu, maandalizi ya fremu. Hizo DLSS haizigusi.

Sasa weka Quality kwenye hesabu hiyo. Asilimia 44 ya 15.7 ni 7. Ongeza 6.5 na 1, unapata 14.5, ambazo ni fremu 69 kwa sekunde. Angalia hapo. Kutoka bila DLSS hadi Quality umeokoa karibu milisekunde 8. Kutoka Quality hadi Performance unaokoa 3 tu, na kwa hizo 3 unatoa karibu nusu ya pikseli ulizobaki nazo. Kadiri unavyoshuka, faida inasinyaa kwa sababu zile 6.5 haziondoki, huku hasara ya picha ikizidi. Kama kioo chako ni cha Hz 60, zile fremu za juu ya 60 hata hazionekani zote. Kama ni cha Hz 144, utahisi tofauti ya 69 na 88, na hapo ni uamuzi wako, lakini mimi ningezitafuta fremu hizo kwa kushusha vivuli daraja moja kabla ya kugusa ukali wa picha.

Kuna kishawishi kingine, kile kitelezi cha kuongeza ukali. Hakirudishi waya uliopotea. Kinachofanya ni kuongeza tofauti ya mwanga na giza kwenye kingo, na ukikipandisha sana utaona mstari mweupe ukizunguka vitu, na ule mmemeto wa seng'enge utazidi. Kiweke chini au kizime.

Kitu kinachosaidia kweli ni toleo jipya la ule mtandao wa neva wenyewe. Januari 2025 NVIDIA ilitoa DLSS 4 yenye modeli mpya ya kukuza picha, na sehemu hiyo inakubali kadi zote za RTX, yako ikiwemo. Katika programu ya NVIDIA App, kwenye mipangilio ya gemu husika, tafuta DLSS Override na uchague modeli ya karibuni. Mikia hupungua na vitu vyembamba hushika vizuri zaidi. Modeli hiyo ni nzito kidogo kuliko ya zamani, na kadi za kizazi chako huhisi uzito huo, kwa hiyo tegemea fremu kadhaa pungufu ya ile 69. Kwa macho yangu bei hiyo inafaa.

Ukimaliza kuweka Quality, pima. Chomeka chaja kwanza, maana laptopu ikiwa kwenye betri kadi hubanwa na namba zote zinakuwa za uongo. Fungua dirisha la amri, andika hivi, kisha cheza dakika tano katika barabara ile ile:

```
nvidia-smi --query-gpu=utilization.gpu,memory.used --format=csv -l 1
```

Namba ya kwanza ni kazi ya kadi kwa asilimia. Ikikaa juu ya 95, kadi ndiyo inayoamua kasi na hesabu yangu itasimama. Ikishuka hadi 70 na fremu zikagoma kupanda, prosesa ndiyo imefika mwisho, na hapo Quality na Performance zitakupa fremu zile zile, hivyo kushuka ni kuharibu picha bure. Namba ya pili ni kumbukumbu ya kadi. RTX 3050 nyingi za laptopu zina GB 4. Ukiona inagusa 3,900 MiB na gari linashtukashtuka kila unapoingia mtaa mpya, shusha ubora wa picha zinazovalishwa kwenye kuta na barabara, ile Texture Quality, daraja moja. Picha hizo hukaa kwenye kumbukumbu kwa ukubwa karibu ule ule hata ukipunguza pikseli za kuchora, ndiyo maana mishtuko hiyo DLSS haiponyi. Nitumie namba ulizopata pamoja na jina la prosesa yako.