Barua ya kuomba nyongeza ya ovadrafti: omba pengo, usiombe matumaini

Swali: Nauza vifaa vya umeme kwa jumla hapa Kariakoo. Kikomo changu cha ovadrafti ni milioni 60 na hakitoshi tena. Katikati ya mwezi wateja wakilipa, deni hushuka hadi milioni 12 hivi, lakini mwisho wa mwezi ninakuwa nimegonga 58 au 60. Januari hadi Juni nimeuza milioni 630 bila VAT. Mwaka jana kipindi kama hicho nilikuwa milioni 480. Nimemwandikia meneja mahusiano nikaomba milioni 120, akajibu kwa mstari mmoja tu: hesabu hazijashiba. Karatasi zote nimekuambatishia. Nikosoe.

Jibu: Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la mikopo kabla ya kuhamia uhasibu, na barua yako ningeirudisha hata mimi. Biashara haina ubaya, ila umeandika kwamba mauzo yamekua kwa asilimia 31 halafu ukaomba kikomo kikue mara mbili. Msomaji wa benki anakwama hapo hapo. Najua mjini watu hushauriana kuomba kikubwa ili wakikata kibaki cha kutosha. Kwa ovadrafti ujanja huo unakuumiza, kwa sababu meneja wako hana mamlaka ya kuamua peke yake. Barua yako anaipeleka kwa mchambuzi wa mikopo asiyekujua, na huyo ataanza kwa kutafuta hiyo 120 imetoka wapi.

Kwa hiyo tuitafute namba yenyewe. Tarehe 30 Juni ulikuwa na mzigo wa milioni 112 stoo, wateja walikuwa wanakudai... hapana, wewe ndiye uliyekuwa unawadai wateja milioni 84, na wewe ulidaiwa na wasambazaji milioni 97. Jumlisha mzigo na madeni ya wateja, toa ya wasambazaji, inabaki milioni 99. Benki ilikuwa imebeba 58, yako mwenyewe 41. Hadi hapo hesabu imefunga, na mtu angeuliza: nyongeza ya nini sasa? Jibu limejificha kwenye orodha ya wasambazaji. Katika zile 97, milioni 30 zimepita tarehe ya kulipwa. Yaani kukua kwako kunagharimiwa na msambazaji unayemzungusha, na siku akichoka atakukatia mzigo. Ukimlipa kwa wakati, benki italazimika kubeba 88.

Lakini usiombe 88. Kwenye madeni ya wateja kuna milioni 7 zilizopitisha siku 60. Benki haitaki kugharimia deni la mteja ambaye hapokei simu, na ukiliondoa mwenyewe kabla hujaambiwa unajenga imani. Inabaki 81. Weka nafasi kidogo kwa siku ambazo malipo yanagongana, omba 85.

Sasa kuna mahali ambapo mchambuzi atakubana, na barua yako ya kwanza ilipanyamazia. Umesema umeuza milioni 630. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 wateja walipaswa kukulipa milioni 743.4. Taarifa ya akaunti inaonyesha zimeingia 702, na ndani yake 45 ni fedha ulizohamisha kutoka akaunti yako nyingine. Hizo si mauzo, na mchambuzi huzifuta mapema kabisa. Zinabaki 657. Pengo la milioni 86.4 linatisha usipolieleza, ila lina maelezo: wateja wa mkopo walipanda kutoka milioni 53 mwezi Desemba hadi 84, hiyo ni 31. Zilizobaki, kama 55, ni mauzo ya taslimu uliyolipia usafiri, wapagazi na mzigo mdogo mdogo bila kupitisha benki. Anza mwezi huu kuziingiza zote akaunti ile ile, hata kama unazitoa kesho yake. Fedha isiyopita kwenye akaunti, kwa benki ni kama hukuiuza.

Umeona pia kwamba wateja wa mkopo wamekua kwa asilimia 58 wakati mauzo yamekua 31? Yeye ataliona. Kwako sababu ni makandarasi wawili uliowapa siku 30 mwaka huu, wanaobeba milioni 24 kati yake. Liandike wewe mwenyewe, maana likigunduliwa linasomeka kama mzigo uliogawiwa ili takwimu zipande.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, hivi:

> YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA KIKOMO CHA OVADRAFTI KUTOKA SH. MILIONI 60 HADI SH. MILIONI 85
>
> Naomba nyongeza ya sh. milioni 25 kwa miezi 12, kwa ajili ya kulipa wasambazaji kwa wakati.
>
> Mauzo ya Januari hadi Juni ni sh. milioni 630 bila VAT, kutoka milioni 480 kipindi kama hicho mwaka jana. Yanalingana na ritani za VAT zilizoambatishwa. Fedha za mauzo zilizopita kwenye akaunti ni milioni 657. Tofauti na mauzo pamoja na VAT imeelezwa kwenye kiambatisho.
>
> Madeni ya wateja yamefika milioni 84, hasa kwa kuwa wateja wapya wawili wamepewa siku 30. Milioni 7 zimezidi siku 60 na sikuzihesabu katika maombi haya.
>
> Katika miezi sita deni la ovadrafti limekuwa likishuka hadi milioni 12 kila mwezi. Nilizidi kikomo mara mbili, mwezi Machi na Mei, kwa siku zisizozidi tatu, kwa sababu ya malipo ya mteja yaliyochelewa.

Hiyo aya ya mwisho ndiyo mtaji wako mkubwa, wala hukuitaja. Ovadrafti ni deni linalotakiwa kupanda na kushuka. Akaunti inayokaa kati ya 55 na 60 mwaka mzima inaonyesha deni lililoganda, na hapo benki huwa inataka sehemu hiyo igeuzwe mkopo wa kulipa kwa awamu badala ya kuongeza kikomo. Yako inapumua. Na zile mara mbili za kuzidi kikomo zitaje, kwa sababu mfumo wao unazo.

Kagua ritani kwa makini kabla hujapeleka. Ritani ya VAT huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo usipeleke barua yenye takwimu za Juni kabla hujawasilisha ya Juni. Mauzo kwenye ritani yakiwa pungufu ya yale ya kwenye barua, mchambuzi atachukua yale madogo, na hoja yako yote itahesabiwa upya juu ya hayo.

Kuhusu dhamana, nyumba yako imewekwa rehani kwa kiasi cha sasa. Kikomo kikipanda, tarajia tathmini mpya na nyaraka za rehani kuongezwa kiasi, kwa gharama yako. Kwa kuwa ndiyo nyumba mnayoishi, Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wako naye asaini au aridhie. Zungumza naye leo, si siku afisa anapopiga simu mje tawini. Nimeona ombi lililokubaliwa likikaa wiki tano kwa sababu mama wa nyumba alikuwa Bukoba na hakuna aliyemwambia kitu.